Unaona jino bila kupinda shingo: mwongozo kwa mwanafunzi wa udaktari wa meno

Kila kundi jipya likiingia kliniki, maswali huwa ni yale yale. "Mbona shingo inaniuma na ndiyo kwanza nimeanza?" "Ninunue stuli ya aina gani?" "Nikikaa wima silioni jino, nifanyeje?" Hilo la mwisho ndilo swali lenyewe, na mengine yote yanategemea jibu lake. Mwanafunzi hajipindi kwa sababu hajui kukaa wima. Anajipinda kwa sababu anataka kuona, na jicho likilikosa jino, shingo italifuata tu. Kumwambia "nyoosha mgongo" bila kumpa njia nyingine ya kuona ni kupoteza muda. Atanyoosha kwa dakika moja, kisha atarudi alikokuwa.

Mwongozo huu unahusu magego ya juu, hasa gego la kwanza la kulia, yaani jino 16. Nimelichagua kwa makusudi. Hapo ndipo wanafunzi wengi hujikunja kuliko mahali pengine popote kinywani, na atakayeweza kulitibu huku kichwa chake kimetulia juu ya mabega atayaona meno mengine kuwa mepesi. Maelezo ni ya anayetumia mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze pande zote.

Nadharia ni ndogo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kikikaa juu ya mabega, mifupa ya shingo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mzigo. Kikitangulia mbele, misuli ya nyuma ya shingo na ya juu ya mabega inalazimika kukishikilia kisianguke, na msuli uliokazwa kwa muda mrefu bila kulegezwa hubana mishipa yake yenyewe ya damu. Ndiyo maana nguvu ndogo tu, ikishikiliwa dakika 20 bila kusogea, huuma kuliko nguvu kubwa ya mara moja. Lengo letu ni kichwa kisiiname mbele zaidi ya nyuzi 20, na kiwiliwili kikihitaji kuinama, kiinamie nyongani, mgongo ukiwa umenyooka, na kisizidi nyuzi 10 hadi 20.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Stuli inayopanda na kushuka. Kiti cha mgonjwa ambacho egemeo lake la kichwa linainama mbele na nyuma. Jifunze kulifungua na kulikaza kabla mgonjwa hajafika, maana wanafunzi wengi hawajawahi kuligusa. Kioo cha kinywani ambacho kinaakisi kwa uso wake wa mbele, kisichotoa taswira mbili, cha ukubwa namba 4 au 5, yaani kipenyo cha milimita 22 au 24. Kioo kilichokwaruzika kitupe. Huwezi kudai shingo itulie wakati kioo chenyewe kina ukungu wa mikwaruzo.

Hitaji pia mwenzako mmoja wa kukupiga picha kwa simu kutoka upande wako wa kushoto ukiwa kazini, kwanza kwenye kichwa cha bandia. Kwa mgonjwa halisi, sura yake isionekane na aombwe ruhusa. Picha hiyo ni muhimu kuliko unavyofikiri, kwa kuwa aliyejipinda hajui kuwa amejipinda. Akili yake yote iko kwenye jino.

Neno moja kuhusu namba za saa, kwa sababu nitazitumia. Fikiria uso wa saa umewekwa juu ya mgonjwa aliyelala chali. Namba 12 iko nyuma ya utosi wake, namba 6 iko miguuni, namba 9 iko upande wake wa kulia. Ninazungumzia namba zilizoandikwa kwenye uso wa saa, hivyo nitaziita "namba 12" na kadhalika.

Hatua

1. Panga stuli ukiwa peke yako, kabla ya mgonjwa. Kaa hadi nyuma kabisa ya stuli, nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Pandisha stuli mpaka nyonga ziwe juu kidogo ya magoti na mapaja yateremke kidogo kuelekea mbele. Pembe kati ya paja na kiwiliwili iwe zaidi ya nyuzi 90. Nyuzi 105 hadi 125 ni nzuri.

   Kosa la kawaida ni kukaa kwenye stuli kama ilivyoachwa na aliyetangulia. Ikiwa chini mno, magoti hupanda juu ya nyonga, nyonga huviringika kurudi nyuma, uti wa mgongo wa chini hupoteza mkunjo wake wa kawaida, mgongo wa juu hutunga nundu, na kichwa hutangulia mbele. Tatizo la shingo limeanzia kwenye kimo cha stuli, na hakuna kunyoosha shingo kutakaloliondoa.

2. Tafuta mahali pa mikono yako ukiwa umefumba macho. Njia hii inatokana na kazi ya Daryl Beach, daktari wa meno Mmarekani aliyefanya kazi Japani, ambaye alipanga chumba cha tiba kwa kuanzia mwili wa daktari. Kaa ulivyojipanga, legeza mabega, acha viwiko vining'inie karibu na mbavu. Fumba macho. Leta vidole vya mikono yote miwili mbele yako kana kwamba umeshika kitu kidogo, pale mikono inapojisikia imepumzika. Fumbua macho.

   Kwa watu wengi mikono huwa katikati ya kifua, kwenye kimo cha viwiko au juu yake kidogo, na umbali kutoka jicho hadi ncha za vidole ni kama sentimita 35 hadi 40. Mtu mrefu huzidi hapo. Shika mahali hapo akilini. Hapo ndipo kinywa cha mgonjwa kinapotakiwa kuja. Hatua zote zinazofuata ni za kukileta kinywa pale, na kila ukishawishika kupeleka mwili wako kwenye kinywa, rudi kwenye hatua hii.

3. Laza egemeo la mgongo mpaka liwe sambamba na sakafu, kisha mwambie mgonjwa ajisogeze juu. Kwa meno ya juu mgonjwa alale chali kabisa. Kiti kinapolala, mwili wake huteleza kidogo kuelekea miguuni, kwa hiyo mwombe ajivute hadi utosi wake ufike kwenye ukingo wa egemeo la kichwa. Kitendo hiki huchukua sekunde tano, na kukiruka ndiko kosa ninalolisahihisha mara nyingi kuliko yote.

   Angalia tofauti yake kwa karibu. Utosi ukiwa umebaki sentimita 10 chini ya ukingo, kinywa kiko sentimita 10 mbali nawe. Wewe uliyeketi nyuma ya kichwa cha mgonjwa utazirudisha sentimita hizo kwa kuinama, na hutaacha mpaka kazi iishe. Kama mgonjwa ni mfupi au ni mtoto, mpandishe hivyo hivyo hata kama miguu yake itabaki katikati ya kiti. Kiti kipo kwa ajili ya kichwa chake.

4. Weka kimo cha kiti. Kaa mahali pako, viwiko karibu na mbavu, kisha pandisha au shusha kiti mpaka kinywa kiwe kwenye kimo cha viwiko vyako au sentimita chache juu yake. Mapaja yako yapite chini ya egemeo bila kubanwa. Ukiona bega limepanda kuelekea sikio au kiwiko kimetanuka kama bawa, kiti kiko juu mno. Ukiona umemwinamia mgonjwa huku viwiko vimenyooka, kiko chini mno. Kosa la kwanza huumiza mabega, la pili huumiza shingo na kiuno.

   Kimo hiki kinabadilika kwa kila mgonjwa, kwa sababu unene wa kifua na kichwa hutofautiana. Usikariri.

5. Inua kidevu. Hapa ndipo penye siri ya magego ya juu. Mgonjwa akilala chali na kichwa kikiwa kimenyooka tu, uso wa kutafunia wa meno ya juu huelekea miguuni kwake, na wewe unayetazama kutoka juu huuoni. Shusha egemeo la kichwa ili utosi uteremke na kidevu kielekee juu, mpaka uso huo wa kutafunia usimame wima kwa sakafu, kisha uongeze kidogo, hadi nyuzi 20 au 25 ikiwa shingo yake inaruhusu. Sasa meno ya juu yameanza kugeukia dari, yaani kukugeukia wewe.

   Usimwambie mgonjwa "inua kidevu" ukaacha egemeo lilivyo. Atainua kwa nguvu za misuli yake, atachoka, na baada ya dakika mbili kichwa kitakuwa kimerudi. Egemeo ndilo libebe. Kichwa kinageuka pia kulia na kushoto, na kinaweza kulalia bega moja. Tumia miondoko yote mitatu. "Geuza uso kidogo upande wangu" ni sentensi ambayo mgonjwa haoni taabu kuitii, na wanafunzi huionea haya bila sababu.

6. Kaa kati ya namba 11 na namba 12. Mwanafunzi hupenda kukaa namba 9 au 10 kwa sababu kutoka hapo anaweza kuchungulia jino moja kwa moja. Kuchungulia huko ndiko kunakolaza kichwa kwenye bega la kulia na kupinda kiwiliwili. Ukienda nyuma ya kichwa cha mgonjwa, unaacha kuchungulia na kuanza kutumia kioo. Mwanzoni utajihisi umepoteza jino. Vumilia hapo hapo.

7. Leta taa karibu na mstari wa macho yako. Mwanga upite kando kidogo ya kichwa chako au juu yake, uelekee pale jicho linapoelekea. Kwa magego ya juu mwanga unakipiga kioo, nacho kinaurusha kwenye jino. Ukiweka taa mbele, juu ya kifua cha mgonjwa, kivuli cha mkono wako kitaangukia kazi na utainama ili ukikwepe. Mwanafunzi anayelalamika kuwa haoni, mara nyingi taa yake ndiyo iliyo mahali pabaya.

8. Weka kioo. Kishike kwa mkono wa kushoto, mshiko wa kalamu, kidole cha pete kikiegemea jino au shavu. Kikae mbali na jino linalotibiwa, kuelekea meno ya chini, kwa pembe ya takribani nyuzi 45 kwa uso wa kutafunia. Kosa la kawaida ni kukisogeza karibu sana. Kioo kikikaribia ncha ya drili kinajaa matone ya maji papo hapo, na unaona sehemu ndogo tu ya jino. Kirudishe nyuma, utaona jino zima.

   Kisiingie ukungu, mwombe mgonjwa apumue kwa pua, na kabla ya kuanza kipashe moto kwa kukigusisha ndani ya shavu lake. Drili inapomwaga maji, msaidizi apulize hewa kwenye uso wa kioo mfululizo. Kama huna msaidizi, fanya kazi kwa vipande vifupi: saga, simama, futa kioo, saga tena. Ukiendelea kwa kioo kilicholowa utainama bila kujua.

9. Sogeza pedali na trei. Pedali iwe pale mguu wako unapoangukia wenyewe ukiwa umeketi, goti likiwa limekunjwa takribani kama la mguu wa pili. Pedali ikiwa mbali, unanyoosha mguu mmoja, nyonga inajizungusha, na uti wa mgongo wote unafuata. Trei iwe ndani ya urefu wa mkono uliokunjwa nusu. Usiokote chombo kwa kugeuza kiwiliwili. Ama unyooshe mkono, ama uzungushe stuli nzima.

10. Legeza mwili kabla haujauma. Kila unapobadilisha ncha ya drili, unaposubiri ganzi ishike au mwanga ukaushe dawa ya kujazia, ondoa mikono kinywani, rudisha mabega nyuma, vuta kidevu ndani kama unayetaka kutengeneza kidevu cha pili, na tazama mbali. Sekunde 15 hadi 20 zatosha. Mwendo uwe kinyume cha ule uliokuwa nao. Kuinamisha shingo mbele zaidi "ili inyooke" ni kuongeza kile kile kilichokuchosha.

Kujifunza kioo bila mgonjwa

Hatua ya 6 na ya 8 hushindwa kwa sababu moja: mkono haujazoea kioo. Kutoka namba 12, kioo kinageuza mbele kuwa nyuma, lakini kulia na kushoto vinabaki kama vilivyo. Ubongo unahitaji mazoezi ili uache kubishana na mkono.

Chukua jino la plastiki la mazoezi, likaze kwenye kichwa cha bandia upande wa juu, na kalamu ya risasi yenye ncha kali. Ukitazama kwenye kioo tu, fuatisha mifereji ya uso wa kutafunia kwa kalamu. Anza na mstari wa kwenda mbele na nyuma, ndio mgumu, kisha uzunguke ukingo wa jino. Dakika 10 kila siku kwa majuma machache zitakufikisha mbali kuliko siku moja ya kukesha. Ukiweza kufuatisha bila kuacha mfereji, badilisha kalamu kwa drili.

Kichwa cha bandia chenyewe kina mtego wake. Hakina kifua wala mabega yanayokuzuia, na mara nyingi kimeachwa kikiwa kimesimama wima na aliyekitumia kabla yako. Mwanafunzi anakitibu kutoka mbele, karibu sana, macho yakiwa sentimita 20 kutoka jinoni, na mazoea hayo anayabeba hadi kwa mgonjwa. Kilaze chali, pandisha kidevu, kaa nyuma yake, kila mara, hata kwa zoezi dogo. Misuli inajifunza ulichoirudia.

Mfano: jino 16, tundu upande wa nyuma

Tuchukue mwanafunzi mrefu anayetibu jino 16 lililooza kwenye uso wa kutafunia, uozo ukielekea upande wa nyuma wa jino. Picha iliyopigwa kutoka kushoto kwake inaonyesha hivi: ameketi namba 9, egemeo la mgongo la mgonjwa limeinuka kama nyuzi 30, kichwa chake mwenyewe kimeinama mbele karibu nyuzi 45 na kulalia kulia, bega la kulia liko juu ya la kushoto, na mguu wa kulia umenyooshwa kuitafuta pedali. Kioo kimo mkononi, lakini anakitumia kuvuta shavu tu.

Ukimwambia anyooshe shingo, atalipoteza jino. Kwa hiyo tunaanza chini. Stuli inapanda sentimita kadhaa, kwa kuwa magoti yake yalikuwa juu ya nyonga. Egemeo la mgongo linalala hadi liwe sambamba na sakafu, mgonjwa anajivuta juu, na egemeo la kichwa linashushwa ili kidevu kipande. Anahamia kati ya namba 11 na 12. Hapo anagundua kuwa kinywa sasa kiko chini ya viwiko vyake kwa karibu sentimita 15, kwa sababu stuli imepanda na mgonjwa amelala, kwa hiyo kiti kinapandishwa. Hili ndilo linalowachanganya wengi: ukisharekebisha stuli, kimo cha kiti ulichokuwa nacho hakifai tena. Fuata mpangilio, usirukeruke.

Taa inavutwa nyuma hadi karibu na sikio lake. Kioo kinaacha kazi ya kuvuta shavu, kazi hiyo anapewa msaidizi kwa bomba la kufyonza, nacho kinawekwa kuelekea meno ya chini. Uso wa kutafunia unaonekana, lakini ukingo wa nyuma bado umejificha. Hapa mwanafunzi huanza tena kuinama. Badala yake, kioo kisogezwe nyuma zaidi, kuelekea kooni, na kigeuzwe kidogo kiutazame upande ule. Kama bado, mgonjwa ageuze uso kidogo, kwanza upande mmoja kisha mwingine, mpaka ukingo utokee kwenye kioo. Mara nyingi kinachobakia ni shavu kuzuia drili. Mwambie mgonjwa afunge kinywa kidogo na kusogeza taya la chini upande wa kulia; mfupa wa taya unasogea, shavu linalegea, na nafasi inapatikana. Kinywa kilichoachama kupita kiasi hukaza shavu na kuziba njia, ingawa mtu angedhani kinyume.

Picha ya pili ipigwe hapo hapo. Kama sikio lake liko karibu juu ya bega na mabega yamelingana, kazi iendelee.

Meno ya chini, kwa kifupi

Meno ya chini yanataka kinyume. Inua egemeo la mgongo hadi kama nyuzi 20, inamisha egemeo la kichwa mbele ili kidevu kishuke, na uso wa kutafunia wa chini utageukia juu. Shusha kiti, maana kuinuka kwa egemeo kumepandisha kinywa. Hapa unaweza kuona moja kwa moja sehemu nyingi, na namba 9 hadi 11 zinafaa. Kosa kubwa ni kumaliza jino la juu na kuingia la chini bila kugusa kiti.

Yanapogoma

*Mgonjwa hawezi kulala chali.* Wapo wasioweza kabisa: mwenye moyo ulioshindwa kazi au pumu kali atakosa pumzi, mjamzito wa miezi ya mwisho anaweza kuzimia mtoto akibana mshipa mkubwa wa damu, na mzee mwenye kibyongo kichwa chake kitaning'inia hewani. Mjamzito alalie ubavu wa kushoto kidogo, mto ukiwekwa chini ya nyonga ya kulia. Mwenye kibyongo awekewe mto chini ya kichwa. Asiyeweza kupumua akilala, mtibu akiwa ameketi nusu, nawe usimame, ufanye kazi kwa vipindi vifupi au uigawe kazi kwa siku mbili. Usalama wake unatangulia, na mkao wako utaumia kidogo siku hiyo. Ubaya ni kuifanya siku hiyo iwe kila siku.

*Bega la kulia linauma jioni.* Kiwiko kinatanuka. Shusha kiti, kisha angalia kama umekaa mbali na namba 12. Kama kimo ni sahihi na bado linauma, chunguza kidole cha kuegemea: mkono usioegemea popote hubebwa na bega peke yake.

*Shingo inauma upande mmoja tu.* Unalaza kichwa. Karibu kila mara unachungulia moja kwa moja mahali panapohitaji kioo.

*Kiuno kinauma upande wa mguu wa pedali.* Sogeza pedali. Zoea pia kuikanyaga kwa mguu wa pili siku nyingine, kama waya unafika.

*Nimenunua miwani ya kukuza na maumivu yamezidi.* Miwani hiyo ina umbali mmoja tu wa kuona vizuri na pembe moja ya kuteremsha macho. Ikiwa umbali ni mfupi kuliko sentimita zako za hatua ya 2, itakuvuta mbele kila dakika. Ikiwa pembe ni ndogo, macho hayawezi kuteremka vya kutosha na shingo itainama badala yake. Ushauri wangu ni kujifunza mkao kwanza, ndipo upimwe miwani ukiwa umeketi kwenye mkao huo, mbele ya kichwa cha bandia kilicholazwa. Anayepimwa amejipinda atauziwa kujipinda kwake.

*Mwalimu anataka nimalize haraka, sina muda wa kupanga.* Mpangilio wote ukizoeleka ni kama dakika moja, na unaufanya wakati ganzi inashika. Dakika hiyo unairudisha kwa kutofuta kioo mara kwa mara na kutosimama kujinyoosha.

*Vidole vinakufa ganzi usiku, nguvu ya mkono inapungua, au maumivu yanashuka kutoka shingoni hadi mkononi.* Hapo mwongozo huu umefika mwisho wake. Dalili hizo zinaashiria neva iliyobanwa, na hazitengenezwi kwa kusogeza kiti. Nenda ukaonwe na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia mapema, umweleze kazi yako, umwonyeshe na zile picha zako za ubavuni.

*Maumivu ya kawaida yamepungua lakini hayajaisha.* Misuli iliyokazwa kwa miezi hailegei kwa siku tatu. Piga picha moja kila juma, ukiwa katikati ya kazi na bila kujua ni lini mwenzako atabonyeza. Picha uliyoiandalia mkao haikuambii kitu.